Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kueleza zama za picha badala ya kutaja msanii aliye hai

Nina ofisi ndogo ya kazi za picha na uchapaji hapa Ngamiani, Tanga. Kazi zangu ni majalada ya vitabu, mabango ya shughuli, kalenda na lebo za biashara. Tangu programu za akili mnemba za kutengeneza picha zilipoenea, vijana wanaokuja kujifunza kwangu huuliza mambo yaleyale kila wiki, na karibu yote huzunguka jambo moja: unapataje picha yenye sura ya zamani bila kuandika jina la msanii ambaye bado anaishi kwa kazi yake? Nimekusanya hapa maswali hayo pamoja na majibu ninayowapa. Maelekezo ya kuandika kwenye programu nimeyaacha kwa Kiingereza, kwa sababu ambayo utaikuta katika sehemu ya mahali na lugha.

## Mambo ya mwanzo

"Kueleza zama" maana yake ni nini hasa?

Ni kuiambia programu picha ilitengenezwa kwa kitu gani, lini, na imepitia nini tangu hapo. Filamu gani, ya ukubwa gani, imesafishwa kwenye karatasi ya namna gani, imekaa wapi miaka yote hiyo. Ukiandika `colour snapshot, about 1968, kept in an album` umetaja mambo matatu: picha ya rangi iliyopigwa na mtu wa kawaida, mwaka, na mahali ilipotunzwa. Hujamtaja mtu yeyote.

Wengi wanadhani zama ni hali ya moyo, kwa hiyo wanaandika maneno ya hisia kama `nostalgic` au `vintage`. Maneno hayo ni mepesi mno. Programu huyajibu kwa kumwaga rangi ya chai juu ya picha nzima. Zama zimo kwenye vitu: karatasi, dawa, fedha, rangi, kingo za picha.

Kwa nini nisitaje tu jina la msanii? Ni njia ya mkato.

Programu hizi zimefundishwa kwa picha nyingi zilizoambatana na maelezo yake. Jina lililotokea mara nyingi kwenye maelezo hayo hugeuka kuwa mpini: ukilishika, unavuta fungu zima la kazi za mtu huyo. Mchoraji wa Poland, Greg Rutkowski, alilalamika hadharani mwaka 2022 kwamba jina lake limetumiwa mno kwenye maelekezo, hadi akitafuta kazi zake mtandaoni anakutana na picha ambazo hakuzichora. Mtu aliye hai anategemea jina lake lipeleke wateja kwenye kazi yake. Likianza kuwapeleka kwenye kazi za wengine, anakuwa amenyang'anywa kitu, hata kama hakuna mchoro wake mmoja ulionakiliwa mstari kwa mstari.

Upande wa sheria, mkataba wa kimataifa wa TRIPS, kifungu cha 9(2), unasema hakimiliki inalinda namna jambo lilivyoonyeshwa, hailindi wazo lenyewe wala mbinu. Kwa hiyo mtindo peke yake huwa haushitakiwi kirahisi. Lakini programu kadhaa zimejiwekea masharti yake: OpenAI ilipotoa DALL·E 3 mwaka 2023 iliifundisha ikatae maombi ya mtindo wa msanii aliye hai. Mteja akikulipa leo halafu programu ikakataa jina hilo kesho, huna pa kushika. Anayejua kueleza filamu na karatasi hana shida hiyo.

Jina likiondoka, ninapoteza nini?

Unapoteza wepesi. Jina moja hubeba mwanga, rangi, mpangilio, hata vitu vinavyochorwa. Sasa itakubidi ulifungue fungu hilo na utaje kila kimoja kwa neno lake.

Lakini kuna unachopata. Jina huvuta pia usichokitaka. Kama msanii amezoea kuchora majumba ya ngome na majoka, ukimtaja ili upate mwanga wake tu, ngome zitakuja nazo. Ukieleza mwanga wenyewe, kwamba ni jua la saa sita mchana na vivuli vifupi vyenye kingo kali, unapata mwanga tu, na nyumba inabaki ya Ngamiani.

## Chembe za filamu

Nikiandika `film grain` napata picha iliyomwagiwa mchanga. Kwa nini?

Kwa sababu hujasema chembe za filamu gani. Chembe za filamu nyeusi na nyeupe ni vipande vidogo vya fedha vinavyobaki baada ya kusafisha. Filamu yenye kasi, ile inayoweza kupiga kwenye mwanga hafifu, ina chembe kubwa zaidi, nazo huonekana kama punje kali. Filamu ya rangi ni tofauti: fedha yote huondolewa wakati wa kusafisha, na kinachobaki ni viwingu vidogo vya rangi mahali fedha ilipokuwa. Ndiyo maana chembe za picha ya rangi ni laini na zimeyeyukana kidogo.

Kwa hiyo ukitaka picha ya rangi ya miaka ya 1960, andika `soft fine grain`. Ukitaka picha nyeusi na nyeupe iliyopigwa usiku kwenye dansi, andika `fast black and white film, coarse grain`. Neno `grain` likiachwa peke yake, programu huchagua kile ilichokiona zaidi, yaani chembe za kuongezwa na kompyuta, zenye ukubwa mmoja kila mahali.

Chembe ziwe nyingi kiasi gani?

Chache kuliko unavyodhani, na hapa ndipo ninapobishana na wanafunzi wangu zaidi. Tuseme unataka picha ya studio ya miaka ya 1950: bwana na bibi harusi, pazia nyuma, ua la plastiki mezani. Kamera nyingi za studio za wakati ule zilitumia filamu pana, ile ya namba 120, ambayo fremu yake ya mraba ni sentimita 6 kwa 6. Picha hizo mara nyingi zilisafishwa zikiwa ndogo, zimekuzwa kidogo tu au hazikukuzwa kabisa. Chembe ambayo haijakuzwa haionekani kwa macho. Chukua picha ya harusi ya bibi yako, isogeze dirishani uitazame: utaona uso laini kabisa, na kama kuna kasoro ni ukungu wa lenzi au doa la dawa.

Filamu ndogo ya milimita 35 ina fremu ya milimita 24 kwa 36. Ukiisafisha kwa ukubwa wa postikadi umeikuza takribani mara nne, na hapo ndipo chembe zinaanza kujionyesha. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno la chembe, jiulize kamera ilikuwa ya nani. Ya studio, chembe ziwe karibu hakuna. Ya mwandishi wa habari au ya mjomba aliyerudi safari na kamera ndogo, ziweke.

Nitajuaje kwamba chembe zimekaa vibaya?

Ikuze picha hadi asilimia 100, kisha tazama sehemu tatu: shavu la mtu, anga, na kivuli kizito.

Chembe za filamu hazijui uso ni nini. Zimo kwenye shavu sawasawa na zilivyo kwenye ukuta wa rangi ileile nyuma yake. Programu za akili mnemba hupenda kuulainisha uso na kuweka chembe nyuma tu, au kuzigeuza chembe za shavuni kuwa vinyweleo na vitundu vya ngozi. Ukiona anga lina mchanga na shavu linang'aa kama plastiki, picha imeshajisema.

Kisha kivuli kizito. Kwenye picha iliyosafishwa karatasini, chembe huonekana zaidi kwenye rangi za kati, kijivu cha ukuta au cha anga la mawingu. Kwenye weusi mzito na weupe mkali hupotea. Ukikuta chembe nyeupe zinarukaruka ndani ya weusi wa baibui, huo ni uchafu wa kamera ya simu kwenye giza. Kama kila kitu kingine ni kizuri, usiitupe picha. Iombe upya bila chembe kabisa, halafu ziweke kwa mkono kama ninavyoeleza katika sehemu ya kurekebisha.

## Rangi iliyofifia

Nikiomba rangi iliyofifia, kila kitu kinakuwa kahawia. Ninakosea wapi?

Umeomba jambo moja ambalo kwa kweli ni mambo mawili. Rangi kufifia ni kitu kimoja, karatasi kuchafuka ni kingine, na kila kimoja kina mahali pake.

Picha ya rangi imejengwa kwa tabaka tatu: sayani, ambayo ni buluu ya kijani, majenta, na njano. Weusi kwenye picha ni tabaka zote tatu zikiwa nzito pamoja. Tabaka moja likipungua, weusi ndio unaoonyesha wazi: haubaki mweusi, unapata rangi. Kwa hiyo *kufifia kunaishi kwenye vivuli*. Kuchafuka kwa karatasi ni umanjano unaotanda, na huo unaonekana pale ambapo hapakuwa na rangi: ukingo mweupe, kanzu, kofia ya vito. *Kuchafuka kunaishi kwenye weupe.* Picha za karatasi za Kodacolor, zilizoanza kutoka mwaka 1942, zinajulikana kwa tatizo hili: zile za miaka ya kwanza weupe wake umegeuka njano.

Neno `faded` peke yake huifanya programu ipake kahawia juu ya vivuli na weupe kwa pamoja. Andika viwili mbalimbali: weusi umekuwa rangi gani, na weupe umekuwa rangi gani.

Kwani picha zote za zamani hufifia namna moja?

Hapana, na hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye ukurasa huu. Inategemea picha ilikaa wapi.

Picha nyingi za karatasi za miaka ya 1960 na 1970 zilizokaa albamuni, gizani, hupoteza tabaka la sayani kwanza. Sasa fikiria picha iliyopigwa pwani hapa Raskazone. Mtu kavaa kanga nyekundu, nyuma yake minazi, na bahari. Nyekundu imetengenezwa kwa majenta na njano, kwa hiyo kanga inabaki palepale, nyekundu kama siku ya kwanza. Majani ya mnazi ni sayani na njano. Sayani ikiondoka, majani yanakuwa ya njano kama ya kiangazi. Bahari ni sayani na majenta. Sasa inaelekea waridi. Vivuli vyote vinakuwa kahawia ya wekundu. Ndiyo maana picha za albamu za wakati ule zinaonekana zina joto.

Picha hiyohiyo ikining'inizwa ukutani kwenye mwanga, mara nyingi majenta ndiyo inayotangulia. Hapo majani ya mnazi yanabaki kijani, lakini kanga nyekundu inapauka kuelekea njano, na nyuso za watu zinapata ukijani wa ugonjwa. Kila mtu amewahi kuiona picha ya namna hiyo kwenye ukuta wa kinyozi, hata kama hakujua kwa nini wateja wote waliopigwa picha wanaonekana hawajala.

Kwa hiyo amua kwanza: albamuni au ukutani? Ukishaamua, rangi zote nyingine zinafuata, wala huhitaji kukisia.

Vipi filamu za slaidi?

Nazo hazifanani. Kodachrome, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, ikitunzwa gizani hudumu vizuri sana. Slaidi yake ya mwaka 1955 inaweza kuwa na wekundu mzito na weusi uliojaa mpaka leo. Ektachrome za miaka ya mwanzo huelekea wekundu kwa kupoteza sayani. Kwa hiyo mteja akitaka picha ya miaka ya 1950 yenye rangi kali, usimwambie haiwezekani. Andika `colour slide, 1955, deep blacks, saturated reds, no fading`.

Na nyeusi na nyeupe?

Picha nyingi za familia za miaka ya 1950 na 1960 nilizoletewa kukarabati hapa Tanga ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo ukiambiwa ni ya mwaka 1958, anzia huko kabla ya kufikiria rangi. Kuzeeka kwake kuna sura mbili. Iliyooshwa vibaya baada ya dawa inakuwa ya njano na kupauka, mara nyingi kwa madoa. Iliyokaa kwenye hewa yenye unyevu, kama hii yetu, inatoa mng'ao wa kibuluu kama kioo kwenye sehemu nyeusi, hasa kuzunguka kingo. Ni fedha imepanda juu. Andika `silver mirroring in the dark edges`, lakini tazama matokeo kwa makini, kwani programu nyingi huchora kioo halisi. Ikitokea hivyo, liache neno hilo.

## Kazi moja tangu mwanzo

Tuonyeshe mfano mzima.

Niliombwa jalada la kitabu cha simulizi za mashamba ya mkonge. Mwandishi alitaka picha ionekane kama imetolewa kwenye albamu ya familia ya mfanyakazi, mwisho wa miaka ya 1960. Alinitajia jina la mpiga picha mmoja aliye hai ambaye anapenda kazi zake. Nikamwuliza anapenda nini hasa kwenye picha hizo. Akafikiri kidogo, akasema: "Watu wamesimama katikati, wananitazama, na rangi zimechoka." Basi hayo matatu ndiyo niliyoyabeba. Jina nikaliacha mezani.

Jaribio la kwanza niliandika kivivu:

```
vintage 1960s photo, sisal worker, Tanga, film grain, faded
```

Ilikuja picha ya kahawia yenye mikwaruzo na kingo zilizochanika. Nyuma kulikuwa na vibanda vya nyasi na mbuyu mmoja. Mkonge ulikuwa umechorwa kama mananasi. Mfanyakazi alivaa kofia pana ya wachunga ng'ombe wa Marekani, na uso wake ulikuwa laini kama wa tangazo la mafuta.

Nikakaa nikaandika upya, nikijibu maswali kwa mpangilio: ni kitu gani, nani anafanya nini, mwanga, mpangilio, rangi, chembe.

```
Colour snapshot, about 1968, small square print with white border.
A man hangs pale wet sisal fibre over long wire lines, row after row.
He stands in the centre and looks at the camera. Plain cotton shirt.
Overhead noon sun, short hard shadows, horizon slightly tilted.
Kept in an album: blacks turned reddish brown, greens yellowed,
white border faintly cream. Soft fine grain, same on face and sky.
```

Tazama kwamba sikuandika "mashamba ya mkonge" nikaishia hapo. Nilieleza kazi yenyewe: singa mbichi zinazoanikwa kwenye nyaya, mstari baada ya mstari. Programu haikuwa na picha ya kutosha ya mkonge kichwani, lakini nyuzi nyeupe juu ya waya inazijua. Jua la utosini nililitaja kwa sababu Tanga ipo nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na usipolitaja programu hukupa lile jua la jioni la dhahabu, la pembeni, ambalo halimkuti mtu anayeanika singa mchana. Na mstari wa upeo ulioinama kidogo ni mkono wa mtu wa kawaida. Mpiga picha wa kazi angeunyoosha.

Jaribio la tatu ndilo lililokubaliwa. Mkonge ulikuwa sawa, weusi wa suruali ulikuwa kahawia ya wekundu, ukingo ulikuwa wa malai. Vitu viwili vilibaki: anga lilikuwa buluu safi, jambo lisilowezekana kama sayani imeondoka, na shavu halikuwa na chembe. Vyote viwili nilivimalizia kwa mkono.

## Mahali na lugha

Nikiandika `mid-century` napata sofa za Ulaya na magari ya Marekani. Kwa nini?

Kwa sababu kwenye picha ambazo programu ilifundishwa, neno hilo limeshikamana na mtindo wa samani na nyumba za nchi hizo. Wewe umekusudia wakati, yenyewe imesikia duka la fanicha. `1950s` nayo huvuta migahawa ya Marekani. Taja mwaka mmoja wenye kitu chake, kama `print from 1957`, halafu jaza fremu kwa vitu vya kwetu: ukuta wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa, paa la bati, baraza la saruji, baiskeli nyeusi imeegeshwa. Fremu ikijaa vitu halisi, programu inakosa nafasi ya kuleta vibanda vyake vya nyasi.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Kwa maneno ya filamu na karatasi, Kiingereza, kwa kuwa maelezo mengi yaliyofundishia programu yameandikwa kwa lugha hiyo. Kwa vitu vyetu, eleza umbo pamoja na jina. Ukiandika `kanga` peke yake unaweza kupata mnyama wa Australia. Andika `kanga, rectangular printed cotton wrap with a wide border`. Maandishi ya kanga usiyaombe kabisa. Yatakuja herufi zilizovurugika, na kanga yenye jina lisilosomeka inamwudhi kila mama atakayeiona. Yaandike mwenyewe baadaye.

## Kurekebisha kwa mkono

Ninawekaje rangi ya albamu na chembe bila programu ya kulipia?

Tumia GIMP, ni ya bure. Anza na rangi. Fungua `Colors > Levels`, chagua `Red`, na kwenye `Output Levels` ipandishe namba ya kushoto kutoka 0 hadi karibu 40. Weusi wote utapata wekundu, kwani sayani ndiyo iliyokuwa inauzuia wekundu usipite. Kisha chagua `Blue` na ushushe namba ya kulia kutoka 255 hadi karibu 225. Weupe utakuwa wa malai. Ukitaka picha ya ukutani badala ya albamu, acha `Red`, pandisha `Green`. Sababu umeshaisoma kwenye swali la albamu na ukutani.

Chembe ziwe za mwisho, baada ya kuifikisha picha kwenye ukubwa wa kuchapa. Tengeneza tabaka jipya la kijivu `808080`. Nenda `Filters > Noise > RGB Noise`, ondoa alama kwenye `Independent RGB` ili chembe zisiwe na rangi. Zilainishe kwa `Gaussian Blur` kidogo sana, chini ya pikseli 1. Kisha badilisha `Mode` ya tabaka iwe `Grain merge` na upunguze `Opacity` mpaka chembe zionekane kwa karibu na zipotee ukirudi nyuma hatua moja. Kwa kuwa umeziweka juu ya picha nzima, shavu na anga vinapata sawa.

## Mipaka na mambo yenye utata

Msanii akiwa amefariki, naruhusiwa kumtaja?

Kufariki hakufuti hakimiliki. Hubaki kwa warithi kwa miongo kadhaa. Wapiga picha wa studio wa Bamako, Seydou Keïta na Malick Sidibé, walifariki mwaka 2001 na 2016, na vijana wengi huandika majina yao wakitaka picha ya studio ya Kiafrika. Mimi siyatumii, na hata kwa kazi yenyewe sioni haja: studio ya Mali na ya Tanga hazikuwa na pazia moja. Eleza pazia la kwako.

Na tingatinga? Hilo si jina la mtindo?

Limekuwa jina la mtindo, ndiyo. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake walilea mtindo huo, na wapo wachoraji walio hai leo Dar es Salaam wanaokula kwa rangi hiyo ya mafuta juu ya ubao. Kueleza zama hakusaidii hapa, kwa kuwa zama hazijaisha. Mteja akitaka tingatinga namwelekeza kwa mchoraji. Bei yake mara nyingi haipishani sana na saa zangu za kuhangaika na kompyuta.

Nikimweleza msanii bila kumtaja jina, si ni salama?

Kuna maelezo yanayoelekea kwenye zama na yanayoelekea kwa mtu. Jipime hivi: je, wapiga picha kumi wa mwaka ule wangeweza kuwa wamepiga picha hii? Karatasi ya mraba, jua la utosini, sayani iliyofifia: ndiyo, hata mia. Lakini ukieleza pembe yake ya pekee, rangi yake ya pekee na vitu vyake anavyovirudia, mpaka anayemjua aseme "ni fulani huyu", umemtaja kwa njia ndefu. Kupakia picha yake kama mfano wa kufuata ni hivyohivyo, tena zaidi. Na hili linawagusa zaidi wapiga picha wa hapahapa, ambao programu haiwajui kwa jina lakini picha zao zimejaa kwenye simu zetu.

Picha ikitoka nzuri mno, watu wataidhani ni ya kweli. Nifanye nini?

Iandike. Kwenye ukurasa wa hakimiliki wa kile kitabu cha mkonge kuna mstari unaosema picha ya jalada imetengenezwa kwa kompyuta na haimwonyeshi mtu halisi. Niliwahi kutoa bango la maonyesho bila mstari kama huo, na mzee mmoja akaja ofisini kuniuliza picha ya soko ile niliipata wapi, akidhani anamwona baba yake. Ilinibidi nimwambie. Tangu siku hiyo mstari unatangulia kazi. Kwa habari na kwa mambo ya historia ya mji sitengenezi kabisa. Hapo inatakiwa picha halisi au nafasi iachwe wazi.

Kwa nini chembe zangu zinageuka miraba nikituma kwa mteja?

WhatsApp hubana picha, na kinachotupwa kwanza ni vitu vidogo vinavyobadilika haraka, yaani chembe hasa. Itume kama `Document`. Kwa bango la turubai la mita 3, chembe za pikseli moja hazitaonekana na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Zikuze kidogo, chapa kipande cha ukubwa wa karatasi ya A4 kwanza, kibandike ukutani, utazame ukiwa umesimama pale watu watakaposimama.